Kopo la tuna: kinachomwagwa na kinachoandikwa

Kopo la tuna lina uzito wa aina mbili, na anayehesabu protini na mafuta ya chakula chake anapaswa kwanza kujua anautumia upi. Uzito wa kwanza ni wa kila kilichomo ndani, yaani samaki pamoja na mafuta au maji aliyofungwa nayo. Wa pili ni wa samaki peke yake baada ya kuchujwa. Kopo lenye gramu 185, kwa mfano, mara nyingi huwa na samaki wa gramu 130 hivi, na gramu 55 zinazobaki ni kimiminika. Makosa mengi ya hesabu ya tuna hutokea mtu anapochukua uzito mmoja na kuuzidisha kwa tarakimu za uzito mwingine. Swali linalopendwa zaidi, la tuna wa mafuta na tuna wa maji nani bora, haliwezi kujibiwa kabla ya hilo kunyooka.

Asili ya tofauti kati ya tuna hao wawili iko kiwandani. Samaki anayefungwa zaidi kwenye makopo ni jodari mdogo mwenye mistari tumboni, anayevuliwa kwa wingi katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, akifuatiwa na jodari wa mapezi ya njano. Thailand ndiyo inayoongoza kwa kuuza tuna wa kopo nje ya nchi, na karibu na Afrika Mashariki kuna kiwanda kikubwa mjini Victoria, Shelisheli. Samaki hufika akiwa ameganda. Huyeyushwa barafu, hutolewa matumbo, kisha hupikwa kwa mvuke akiwa na mifupa yake mpaka nyama ikaze. Akipoa huondolewa ngozi, mifupa na ile nyama nyeusi ya ubavuni, ambayo mara nyingi huishia kwenye chakula cha paka. Nyama iliyobaki hukatwa, hupangwa kwenye kopo, huongezwa chumvi na mafuta au maji, kopo hufungwa, na vyote hupikwa tena kwa joto linalozidi nyuzi 110 ili vijidudu vife.

Kwa hiyo nyama ya tuna hupikwa mara mbili, na kila mara hujikunja na kutoa maji yake. Maji ya mara ya kwanza hubaki kiwandani. Ya mara ya pili hayana pa kwenda, kwa kuwa kopo limekwisha kufungwa. Katika kopo la maji huchanganyika na yaliyokuwamo na hakuna atakayeyatofautisha. Katika kopo la mafuta huzama chini, kwa sababu ni mazito kuliko mafuta. Anayemimina kimiminika cha kopo la mafuta kwenye glasi nyembamba na kukiacha kitulie ataona tabaka mbili: juu mafuta ya rangi ya dhahabu, chini mchuzi wa samaki wenye ukungu. Jambo hilo dogo lina uzito wake katika hesabu, maana gramu 55 zinazochujwa humo si gramu 55 za mafuta.

Nyama nayo hubadilika. Iliyo ndani ya mafuta hupoteza sehemu ya maji yake na kunyonya mafuta kidogo, na iliyo ndani ya maji hubaki na unyevu mwingi. Jedwali la chakula la Idara ya Kilimo ya Marekani, ambalo programu nyingi za simu za kuhesabu chakula huchota takwimu zake humo, linaonyesha hali hiyo vizuri. Tuna mwepesi wa mafuta, akiisha kuchujwa, ana protini gramu 29.1 na mafuta gramu 8.2 katika kila gramu 100, na kalori 198. Tuna mwepesi wa maji asiye na chumvi, naye akiisha kuchujwa, ana protini gramu 25.5, mafuta chini ya gramu 1, na kalori 116.

Kwa kutazama haraka, tuna wa mafuta anaonekana kuwa na protini nyingi zaidi, na wapo wanaomnunua kwa sababu hiyo. Lakini samaki ni yuleyule. Gramu 100 za tuna wa mafuta aliyechujwa zina maji takriban gramu 60. Za tuna wa maji zina takriban gramu 75. Maji yakipungua, kila kilichobaki huonekana kimeongezeka kwa kipimo cha gramu 100. Protini haikuingia koponi pamoja na mafuta ya soya. Kinachoamua protini ya kopo zima ni kiasi cha nyama kilichopangwa ndani kabla ya kifuniko kuwekwa, na hicho hutofautiana zaidi kati ya kampuni na kampuni kuliko kati ya mafuta na maji.

Jedwali hilohilo lina mtego mwingine. Tuna wa maji mwenye chumvi ameandikwa humo kuwa na protini gramu 19.4 na kalori 86 kwa gramu 100, wakati mwenzake asiye na chumvi ana 25.5 na 116. Chumvi yenyewe haiwezi kula gramu 6 za protini. Vipimo ni vya sampuli tofauti, na sehemu ya tofauti hiyo ni maji tu: sampuli moja ilikuwa na maji takriban gramu 78 na nyingine takriban 75. Mtu anayeandika neno “tuna” kwenye programu ya simu na kugusa jibu la kwanza linalojitokeza anaweza kupata moja au nyingine bila kujua, na kwenye kopo la gramu 130 za samaki tofauti inakaribia gramu 8 za protini. Ndiyo maana lebo ya kopo lililoko mezani, hata kama haijakamilika, inastahili kuaminiwa kabla ya jedwali la jumla.

Tuchukue kopo moja la mafuta tulihesabu mpaka mwisho. Uzito wote ni gramu 185, samaki aliyechujwa ni gramu 130. Kwa takwimu za tuna aliyechujwa, samaki huyo ana protini gramu 37.8, mafuta gramu 10.7, na kalori 257. Sasa tuseme kimiminika cha gramu 55 kimetulia kwenye glasi na kuonekana kuwa na mafuta gramu 40 na mchuzi gramu 15. Gramu 40 za mafuta zina kalori 360, kwa kuwa kila gramu ya mafuta hutoa kalori 9. Anayemimina kopo lote juu ya wali, kimiminika na vyote, amekula mafuta gramu 51 hivi na kalori zaidi ya 610. Aliyechuja amekula kalori 257. Protini yao inakaribia kuwa sawa. Samaki mmoja, kopo moja, na zaidi ya nusu ya kalori zilikuwa kwenye kile ambacho mmoja alikimwaga.

Kopo la maji la uzito uleule halina tamthilia hiyo. Gramu 130 za samaki aliyechujwa, kwa takwimu za asiye na chumvi, ni protini gramu 33, mafuta gramu 1 hivi, na kalori 151. Maji yakimwagwa au yakinywewa, kalori hazisogei kwa kiasi cha kumshughulisha mtu.

Makosa yenyewe huwa ya sura mbili, na kila moja huvuta upande wake. La kwanza ni kusoma tarakimu kubwa iliyo mbele ya kopo, gramu 185, na kuizidisha kwa takwimu za samaki aliyechujwa. Kwa kopo letu la mafuta, protini inaandikwa gramu 53.8 badala ya 37.8. Hizo gramu 16 za ziada ni za samaki ambaye hakuwahi kuwamo koponi. Kwa mtu anayekula kopo moja kila siku akijenga misuli, daftari litasema amefika lengo lake huku mwili ukisema vingine.

La pili ni kinyume chake: mtu anachuja vizuri, anapima samaki wake gramu 130, kisha anatumia takwimu za lebo iliyohesabu kila kilichomo pamoja na mafuta. Kopo letu likigawanywa kwa gramu zake zote 185, kila gramu 100 zina protini kama 20 na mafuta zaidi ya 27. Akizidisha hizo kwa samaki wake, ataandika mafuta gramu 35 na ushei ilhali amekula chini ya 11, na protini 26 ilhali amekula karibu 38. Kosa hili ndilo linalowafanya watu waamini kwamba tuna wa mafuta ni chakula cha kunenepesha hata akichujwa. Hawakuonja mafuta hayo, waliyaandika tu.

Lebo nzuri husema wazi kama takwimu zake ni za gramu 100 za samaki aliyechujwa au za gramu 100 za kopo zima. Si zote zinazosema. Zinaponyamaza, kopo la mafuta hujifichua lenyewe. Mafuta yakiwa baina ya gramu 6 na 12 na protini ikikaribia 26 au kuizidi, takwimu ni za samaki aliyechujwa. Mafuta yakipita 20 na protini ikiwa karibu na 20, hizo ni za kila kilichomo. Kwa kopo la maji ushahidi ni mwembamba zaidi, kwa sababu hakuna mafuta ya kulichongea. Protini ya gramu 18 yaweza kuwa ya kopo zima au ya samaki mwenye maji mengi. Hapo hakuna njia ila kutafuta uzito wa samaki aliyechujwa, na kopo lisiloandikwa uzito huo mahali popote linamnyima mnunuzi kitu pekee anachokilipia. Mamlaka za viwango zingefanya jambo la maana kulazimisha takwimu za kopo zima lililochujwa ziandikwe: kopo hili, samaki wake, protini hii, mafuta haya. Ni mstari mmoja wa wino.

Kuchuja nako kuna kipimo chake. Kiwango cha kimataifa cha tuna wa kopo, kile cha Kodeksi, kinataka kopo liwe limekaa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 kwa muda usiopungua saa 12, samaki amwagwe kwenye chujio la waya, chujio liinamishwe kidogo, na dakika 2 zihesabiwe. Hakuna kukamua wala kusuuza. Uzito uliochapishwa kwenye kopo, basi, ni wa samaki aliyechuruzika mwenyewe, akiwa bado amelowa. Jikoni mambo huwa tofauti. Mmoja anafungua kopo nusu na kuliinamisha kwenye sinki kwa sekunde chache. Mwingine anakandamiza kifuniko kwa dole gumba mpaka kimiminika kikatike. Wa tatu anamkamua samaki kwa kiganja kama anayetoa tui.

Umbo la nyama huamua ni kiasi gani kitang'ang'ania. Pande zima la nyama lina uso mdogo wa kushika mafuta. Vipande hushika zaidi, na samaki aliyevurugwa kuwa nyuzinyuzi hushika zaidi ya wote, kwa sababu mafuta hujificha katikati ya kila uzi. Makopo ya bei nafuu mara nyingi ndiyo yenye nyuzinyuzi. Mtu anayetumia makopo hayo na kuyachuja kwa haraka asishangae mafuta halisi yakipita kile jedwali linachosema. Afadhali aongeze kijiko kidogo cha mafuta, gramu 4 au 5, kwenye hesabu yake. Kopo lililotoka kwenye friji nalo huchujika vibaya, hasa la mafuta ya zeituni, ambayo huganda kwa baridi na kubaki yamegandamana na nyama.

Kukamua kuna tatizo la kihesabu ambalo wengi hawalioni. Tuseme gramu 130 zimekamuliwa zikabaki 118. Zilizotoka, gramu 12, ni mafuta na maji. Protini imebaki karibu yote ndani ya nyama. Anayeweka gramu hizo 118 kwenye mizani na kuzizidisha kwa takwimu za kawaida za samaki aliyechujwa ataandika protini gramu 34, na ukweli bado ni 37 na kitu. Kadiri anavyokamua kwa bidii, ndivyo daftari lake linavyomnyang'anya protini aliyoila. Kwa hiyo mizani ya jikoni, ambayo kwa vyakula vingi ndiyo hakimu wa mwisho, hapa inapotosha. Aliyekula kopo zima aandike protini ya kopo zima kama ilivyo kwenye lebo, bila kujali samaki alikamuliwa kiasi gani, na apunguze mafuta tu kama alikamua kwelikweli. Mizani ipimie kile kilichotoka.

Hilo la kupima kilichotoka ndilo linalomsaidia zaidi mwenye kopo la mafuta. Glasi tupu huwekwa kwenye mizani, mizani inarudishwa kwenye sifuri, kimiminika chote kinamiminwa humo na kuachwa robo saa. Tabaka likionekana wazi, mafuta ya juu yanatolewa kwa kijiko taratibu na uzito unaopungua unaandikwa. Ikiwa lebo inataja mafuta ya kopo zima, mafuta yaliyotolewa yanaondolewa kwenye hiyo jumla, na kinachobaki ndicho kilicholiwa. Hakuna haja ya kurudia kazi hiyo kila siku. Kampuni ileile, kopo la ukubwa uleule, mkono uleule wa kuchuja, matokeo hayatatofautiana sana, na mara mbili au tatu zinatosha kupata tarakimu ya kutumia mwaka mzima.

Wapo wanaohofia kwamba maji ya kopo la maji yanamwagwa na protini. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Baadhi ya protini za misuli ya samaki huyeyuka katika maji, na ndiyo sababu maji hayo yana ukungu na ladha. Lakini kiasi ni kidogo. Hata yangekuwa na protini asilimia 4, gramu 55 zake zingebeba gramu 2.2 tu. Isitoshe, maabara kwa kawaida hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25 ili kupata protini, na katika mchuzi wa samaki sehemu ya naitrojeni hutoka kwenye vitu vidogo vidogo ambavyo si protini kamili. Mwenye kupenda maji hayo kwenye supu ayatumie kwa ajili ya ladha, akikumbuka kwamba sehemu ya chumvi ya kopo imo humo.

Upande wa mafuta kuna hasara ya namna nyingine, isiyoonekana kwenye mstari wa jumla ya mafuta. Tuna ana mafuta yake mwenyewe, machache lakini yenye omega-3 ambazo watu humla samaki kwa ajili yake. Akifungwa katika maji, mafuta hayo hayana pa kuyeyukia na mengi hubaki kwenye nyama. Akifungwa katika mafuta ya soya au ya alizeti, yake huchanganyika na yale, na anayechuja humwaga yote. Katika jedwali la Marekani, tuna mwepesi wa maji aliyechujwa ana omega-3 za baharini takriban miligramu 270 kwa gramu 100; wa mafuta ana takriban 130. Yaani samaki anayeonekana kuwa na mafuta zaidi ya mara nane ya mwenzake ana nusu tu ya omega-3 zake. Gramu 8 zinazoandikwa kwa tuna wa mafuta aliyechujwa kwa sehemu kubwa ni mafuta ya mbegu yaliyobaki kwenye nyama, na anayejaza daftari akidhani anahesabu mafuta ya samaki anahesabu kitu kingine.

Kwa sababu hiyo, kununua tuna wa mafuta ili kuyamwaga kwenye sinki ni biashara mbaya kwa kila upande. Mnunuzi analipia mafuta, anayatupa, na katika kuyatupa anaondoka na sehemu ya kile kilichokuwa kizuri katika samaki. Anayetaka kalori chache achukue wa maji. Anayependa ladha na ulaini wa nyama ya kopo la mafuta, nao ni ulaini wa kweli ambao tuna wa maji hana, achukue wa mafuta na kuyapa mafuta hayo kazi: yakaangie kitunguu na nyanya ambamo samaki atarudishwa, au yachanganyike na viazi vya katlesi.

Hapo ndipo hesabu inapohitaji uangalifu wa mwisho. Mafuta yaliyochujwa kwenye bakuli kisha yakaingia sufuriani hayajachujwa hata kidogo kwa upande wa daftari. Mpishi aliyetumia makopo mawili ya aina tuliyoihesabu, akakaangia vitunguu kwa mafuta yake yote na kugawa mchuzi kwa watu wanne, amempa kila mmoja nusu kopo la samaki pamoja na gramu 20 za mafuta ya kopo: protini gramu 19 hivi, mafuta gramu 25, na kalori zinazokaribia 310 kabla ya kuhesabu nyanya na kitunguu. Mafuta mengine yakiongezwa kutoka kwenye chupa nayo yaandikwe. Na yale ya juu yaliyotolewa kwa kijiko na kuwekwa pembeni yahamishiwe kwenye chombo chenye kifuniko, yakae kwenye friji na kutumika ndani ya siku chache, kwa kuwa yana mabaki ya samaki ndani yake na hayadumu kama mafuta safi ya chupa.